Kata eneo utakavyo, bado hujapata swali

Wiki jana binamu yangu alinikuta kwa hoteli moja hapa Kiriaini, karibu na magari ya Othaya, akatupa bahasha juu ya meza kabla hata ya kunisalimia. Sikuhitaji kuifungua. Proposo yake ilikuwa imerudi. Mara ya tatu.

Anasoma shahada ya uzamili, masomo ya dini. Chuo sitakitaja, na haijalishi, kwa sababu hadithi hii nimeisikia kutoka vyuo vingi. Kila muhula anaongeza kulipa, na anayelipa ni tata, mamake, kwa pesa za majani chai. Bonasi ya mwaka jana iliishia huko. Ya mwaka huu imeshapangiwa huko pia. Kwa hivyo tusiongee hapa kana kwamba ni mambo ya vitabu tu.

Nikasoma makaratasi yote matatu, moja baada ya lingine, chai ikipoa. La kwanza lilikuwa na kichwa "Athari za Dini kwa Vijana katika Kaunti ya Murang'a". Msimamizi akaandika kwa kalamu nyekundu: pana mno, punguza. Binamu akapunguza. La pili likasema "Athari za Dini kwa Vijana katika Eneo Bunge la Mathioya". Likarudi: bado pana. Akapunguza tena, na la tatu likasema "Athari za Makanisa ya Akurinu kwa Vijana wa Mji wa Kiriaini". Hili limerudi na maneno matatu peke yake: swali liko wapi?

Maoni yangu ni haya, na najua kuna wahadhiri watakaonuna. Hiyo kalamu nyekundu ilisema kweli mara ya tatu tu. Mara mbili za kwanza ilimpoteza kijana wa watu. Ukimwambia mwanafunzi "punguza", atachukua ramani. Atatoka kaunti aende eneo bunge, atoke eneo bunge aende wadi, na angeambiwa mara ya nne angefika kwa lango la nyumba yao. Eneo linakuwa dogo, lakini ukungu unabaki ule ule, sasa umejaa chumba kidogo.

Hebu tuangalie huo mtindo wa "athari za hiki kwa kile, kaunti ya wapi". Umeuona. Ingia maktaba yoyote ya chuo hapa Kenya, shika tasnifu kumi, utaukuta. Ulikuja kutoka kwa watu wa biashara na elimu, ambako kuna kitu unapima upande huu na kitu unapima upande ule, halafu unatafuta kama kimoja kikisonga kingine kinasonga. Ndiyo maana ukiandika "athari" lazima utaishia kwa jedwali la Krejcie na Morgan la 1970, unachukua watu 384, unawapa hojaji yenye "nakubali kabisa" mpaka "sikubali kabisa". 384! Wakati mwingine nadhani hiyo namba inafaa kupewa kitambulisho cha Kenya.

Kwa dini huo mtindo unavunjika mahali pawili. Pa kwanza, ili useme kitu kina athari unahitaji kujua mambo yangekuwaje bila hicho kitu. Sasa niambie, Kiriaini, unampata wapi kijana ambaye dini haijamgusa? Huku juu Tuthu ndiko Wakatoliki wa Konsolata walikuja 1902 wakapokewa na Karuri wa Gakure. Waanglikana wako Weithaga tangu mwanzo wa karne hiyo hiyo. Kijana ambaye haendi kanisa lolote hapa bado amezikwa-ziwa na pasta, ameimba shuleni, ameapa kwa jina la Mungu akiuza shamba. Huna kundi la kulinganisha nalo. Pa pili, hujui ni kipi kilitangulia. Ukikuta vijana wa kanisa fulani hawanywi pombe, je, kanisa ndilo liliwatoa kwa pombe, ama wale wasiokunywa ndio hubaki kwa hilo kanisa na wanaokunywa wakahama? Hojaji ya siku moja haiwezi kukujibu. Utapata asilimia nzuri sana na hutajua zinasema nini.

Nilimwambia binamu hivyo. Akanuna kidogo, kisha akauliza swali la maana: basi nianze wapi?

Nikamuuliza, kwani wewe ni nini kilikufanya uchague Akurinu? Usiniambie "ni kanisa muhimu". Ni siku gani, mahali gani, uliona nini?

Akafikiria. Halafu akaniambia kisa cha steji.

Kama umewahi kupanda matatu ya kwenda Nyeri hutahitaji kuelezwa Wakorino ni akina nani. Ndio wale wenye vilemba, wengi vyeupe, wanaume kwa wanawake. Wenyewe husema Akurinu. Walianza miaka ya 1920 huku kwetu Kikuyuni, wakaitwa majina mengi, mojawapo Watu wa Mungu, na serikali ya mkoloni iliwaogopa hadi Februari 1934 polisi wakawapiga risasi watatu kwa msitu wa Ndarugu, akiwemo kiongozi wao Joseph Ng'ang'a. Leo wako kila mahali: madukani, kampasi, kwa vituo vya boda boda.

Sasa, kwa steji moja hapa kuna kijana Mkorino wa boda. Siku moja mwendeshaji mwenzake, mtu wa kanisa la kipentekoste, akamrushia: wewe unavaa kilemba ukiomba, na Paulo kwa 1 Wakorintho 11:4 anasema mwanamume akiomba amefunika kichwa anaaibisha kichwa chake, sasa? Wengine wakacheka. Kijana hakukasirika. Akajibu kitu kuhusu makuhani, akawasha pikipiki, akabeba mteja. Binamu alikuwa amesimama hapo akingoja gari, na tangu siku hiyo jambo hilo halijamtoka.

Nikampiga meza. Msee, hiyo ndiyo! Umebeba kurasa 40 za "athari" na hiki kisa hukukiandika hata mstari mmoja.

Swali la utafiti huanzia hapo, mahali ambapo vitu viwili vimekaa pamoja na kwa macho yako havifai kukaa pamoja. Hapa tuna kanisa linaloishika Biblia kwa nguvu, na hapa tuna mstari wa Biblia hiyo hiyo unaoonekana kugonga vazi lao kubwa kuliko yote. Wanaishi na hivyo viwili bila shida inayoonekana. Namna gani? Hilo "namna gani" lina makali ambayo "athari" haiwezi kuwa nayo hata ukiikata mpaka nyumba moja.

Lakini msidhani tulimaliza hapo. Kisa si swali bado. Binamu akachomoa kalamu akaandika kwa furaha: "Kwa nini wanaume Wakorino huvaa kilemba ilhali 1 Wakorintho 11:4 inakataza?" Afadhali mara mia kuliko ya kwanza, na bado ina matatizo ambayo jopo lolote lenye macho lingeyaona.

Tatizo moja ni kwamba sehemu ya jibu ishaandikwa. Nahashon Ndung'u wa Chuo Kikuu cha Nairobi ameandika kuhusu hawa watu kwa miaka mingi, na ana sura kuhusu jinsi Akurinu wanavyotumia Biblia katika kile kitabu kikubwa cha Biblia barani Afrika walichohariri Gerald West na Musa Dube, kilichotoka 2000. Kabla yake Jocelyn Murray alikuwa na makala ya 1973 kuhusu makanisa ya Roho ya Wakikuyu. Francis Githieya naye ana kitabu cha 1997. Ukizisoma utajua kwamba Agano la Kale lina uzito mkubwa kwao, na kwamba kwa kilemba huwa kuna Kutoka 28, mavazi ya Haruni na wanawe, na Ezekieli 44:18, makuhani na vilemba vyao vya kitani. Kwa hivyo yule kijana wa steji alipotaja makuhani hakubahatisha. Ukienda mbele ya jopo na "kwa nini wanavaa", watakuuliza: na Ndung'u alikuacha na nini cha kufanya? Hapo usipokuwa na jibu, kaa chini.

Wengi wanadhani mapitio ya maandishi ni ile sura ya pili ndefu ya kuonyesha umesoma. Mimi naona kazi yake ya kwanza ni hii, kukunyang'anya swali ambalo lishajibiwa kabla hujapoteza mwaka nalo.

Tatizo lingine limejificha kwa neno "ilhali". Ukisema "wanavaa ilhali Biblia inakataza", ushahukumu. Umeingia kwa mahojiano ukiwa upande wa yule dereva wa kipentekoste. Tena nani alikwambia mstari unakataza? Hilo ni jambo la ufafanuzi wa maandiko, na wasomi wa Paulo wenyewe wanabishana kama anaongea kuhusu kitambaa ama nywele. Kuna mtu anaweza kuchukua hilo: je, mstari huu unamhusu mwanamume wa leo Murang'a? Ni swali halali kabisa, lakini ni la teolojia, na ushahidi wake uko kwa Kigiriki na kwa vitabu vya ufafanuzi. Hutalijibu kwa kuhoji watu 15 wa Kiriaini, hata wote wakubaliane. Na kinyume chake, ukitaka kujua Wakorino wanaelewaje mstari, Kigiriki chako hakitakusaidia sana. Proposo nyingi za dini zinakufa kwa sababu zinauliza swali la aina moja na kukusanya ushahidi wa aina ya pili. Dalili yake ni rahisi kuiona: kichwa kinasema "Mtazamo wa Kibiblia kuhusu jambo fulani", halafu sura ya tatu ina hojaji. Ukiona hivyo, simama.

Binamu akafuta "ilhali". Akaandika: "Wanaume Wakorino wa Kiriaini wanaelezaje kilemba chao kuhusiana na 1 Wakorintho 11:4?" Sasa tulikuwa tumekaribia. Tukaamua, kabla ya kumpelekea msimamizi, tumjaribishie mtu mmoja. Si utafiti, kibali hatuna, ni kuongea tu na jirani kama tunavyoongea siku zote.

Jirani mwenyewe ni mzee wa Kikorino anayekaa nyuma ya kwetu, namwita guka ingawa hatuna undugu. Tukamkuta akilisha ng'ombe. Binamu akasalimia vizuri, Bwana asifiwe, kisha akauliza: guka, nyinyi huwa mnasemaje kuhusu ule mstari wa Paulo wa mwanamume kufunika kichwa?

Mzee akacheka. Hakucheka kwa dharau, alicheka kama mtu aliyeulizwa kitu cha zamani. Akasema: "Nani amekutuma na hilo? Hilo ni swali la watu wa nje. Sisi kanisani hatukai tukiuliza kilemba kinatoka wapi. Kilemba kilikuja kwa Roho. Ukitaka mistari, vijana ndio wanayo, kwa sababu wao ndio huulizwa."

Tulirudi kimya. Mimi nilidhani swali limekufa. Kumbe mzee alikuwa amelinoa kuliko sisi wawili.

Fikiria alichosema. Kama ni kweli, basi mgongano ule uliomkera binamu hauko ndani ya kanisa hata kidogo. Uko mpakani, pale Mkorino anapokutana na Mkristo wa kanisa lingine: steji, darasani, kwa wakwe. Swali la "wanaelezaje mstari" lingemfanya binamu apeleke fumbo la watu wa nje ndani ya kanisa, apate majibu yaliyotengenezwa papo hapo kwa ajili yake, kisha aandike kwamba hiyo ndiyo teolojia ya Akurinu. Huo ni mtego mkubwa kwa masomo ya dini na hauonekani kwa macho, kwa sababu watu wetu ni wakarimu. Ukiuliza, watakujibu. Hakuna atakayekwambia "sisi hatujawahi kuwaza hilo" isipokuwa ukutane na mzee kama huyu. Ukitaka kujua kama swali ni lao au ni lako, sikiliza kama huwa linatajwa wakati wewe haujauliza.

Pia kuna kitu cha pili kwa maneno yake. Mzee anasema kilemba kilikuja kwa Roho. Vijana, anasema, wana mistari. Hapo kuna misingi miwili ya mamlaka, ufunuo na andiko, na huenda vijana wanasogea kutoka mmoja kwenda mwingine kwa sababu ya maswali ya steji. Huenda. Hatujui. Na hicho ndicho kinachofaa kuwa kwa proposo: kitu ambacho kweli hujui.

Usiku huo ndio tukaandika hili: "Vijana wa kiume wa makanisa mawili ya Akurinu mjini Kiriaini hujibu nini Wakristo wengine wanapopinga kilemba chao kwa 1 Wakorintho 11:4, na majibu hayo yanafanana au yanatofautiana vipi na mafundisho kuhusu kilemba wanayopewa kanisani kwao?"

Ni refu, najua. Ya kuisoma mara mbili. Lakini kila neno hapo linafanya kazi. "Vijana wa kiume", kwa sababu mstari wa wanawake ni mwingine na fumbo lake ni lingine (dada zangu, msinirukie, hilo linataka tasnifu yake na natumai mmoja wenu ataiandika). "Makanisa mawili", kwa sababu Akurinu si kanisa moja; wamegawanyika mara nyingi na desturi zinatofautiana, kwa hivyo ukisema "Wakorino wanaamini" bila kutaja kanisa gani, ushakosea kabla ya kuanza. Mawili yanakuwezesha kulinganisha. Manne yatakumaliza. "Mjini Kiriaini" sasa ina sababu: ni soko ambapo Wakorino, Wakatoliki, Waanglikana na wapentekoste wanagongana kila siku. Eneo linaingia mwisho, likiitwa na swali.

Kisha tukafanya kitu ambacho ningependa kila mtu afanye kabla ya kuprinti. Tukaandika majibu yanayowezekana, na chini ya kila moja tukaandika tutasikia nini kama ni la kweli. Kama vijana wanarudia tu ya kanisani, basi mahubiri na majibu ya steji yatataja mambo yale yale, kwa mfano Ezekieli huku na Ezekieli kule. Kama wanajitengenezea, tutasikia mistari kwa steji ambayo haitajwi kanisani kabisa, na ukiwauliza walijifunza wapi watakwambia shuleni, kwa simu, ama kwa rafiki. Kama wanakwepa, tutasikia mzaha, kimya, ama "hiyo ni imani yetu" na mazungumzo yanaishia hapo. Inawezekana pia kwamba mpentekoste yule wa steji ni mmoja tu na jambo hili halitokei sana. Hilo nalo lingekuwa jibu, ingawa jibu la kuumiza, kwa hivyo lifae kugunduliwa mapema, wiki za kwanza, wakati bado unaweza kugeuza.

Jaribu hivyo na "Athari za Makanisa ya Akurinu kwa Vijana". Andika majibu yanayowezekana. Utapata "yana athari nzuri", "yana athari mbaya", na "yana athari nzuri na mbaya". Hakuna hata moja ambalo lingemshangaza mtu yeyote Kiriaini, na kila moja linaweza kuwa kweli kwa wakati mmoja.

Ushahidi nao unajipanga wenyewe. Unahitaji kukaa kwa ibada za hayo makanisa mawili, tuseme Jumapili za miezi mitatu, ukiandika kilemba kinatajwa lini na kwa maneno gani. Unahitaji mahojiano na vijana labda 12 mpaka 15, pamoja na walimu wachache wa hayo makanisa. Na kwa sababu mtu akikaa chini kwa mahojiano hujibu kwa adabu kuliko alivyojibu kwa steji, usimuulize "unasemaje kuhusu mstari huu". Muulize akuhadithie mara ya mwisho alipoulizwa: nani, wapi, alisema nini, wenzake walisema nini. Halafu kuna ruhusa: karatasi ya maadili ya chuo, kibali cha NACOSTI, na muhimu kuliko zote, wazee wa kanisa wenyewe. 384 haimo.

Kuna mipaka pia, na ni vizuri uiandike wewe kabla jopo halijakuandikia. Tasnifu hii haitasema lolote kuhusu Wakorino wa Nakuru. Haitasema kilemba kilianza vipi. Hiyo ya mwanzo ni kazi ya mtu wa historia, na ina utamu wake: Agano Jipya kwa Kikuyu lilitoka 1926, Biblia nzima ikachukua miaka mingi zaidi kufika, na watu hawa walianza katikati hapo. Walikuwa wakisoma nini, kwa lugha gani, walipofunga kilemba cha kwanza? Unaona, kutoka kwa kisa kile kile cha steji unaweza kupata swali la historia lenye ushahidi wa kumbukumbu za zamani, swali la teolojia lenye ushahidi wa maandiko, na swali la binamu lenye ushahidi wa watu walio hai. Chagua moja. Ukichukua yote matatu, utarudi hotelini na bahasha.

Najua mtakachoniambia. Jopo linataka malengo, matatu ama manne, yaanze na "kuchunguza", "kubainisha", "kutathmini". Sawa, wape. Lakini yatoke kwa swali. Kubainisha kilemba kinafundishwaje kwa makanisa mawili; kueleza vijana hujibu nini wanapopingwa; kulinganisha hayo mawili. Yamejiandika, sivyo? Watu wengi huanza na malengo manne halafu wanatafuta swali la kuyafunika, kama mtu aliyenunua mabati kabla ya kujua nyumba ina vyumba vingapi.

Mwingine atasema: hilo swali ni dogo mno, mistari na vilemba, nani atajali? Binamu mwenyewe aliniuliza hivyo. Jibu langu ni kwamba ukubwa uko chini yake. Kanisa lililozaliwa kwa ufunuo linaanza kujitetea kwa mistari: je, kuna kitu kinabadilika kwa jinsi linavyojua kwamba ni la kweli? Hilo linagusa makanisa huru ya Kiafrika mengi, kutoka hapa hadi Afrika Kusini. Lakini huwezi kuliuliza likiwa kubwa hivyo. Unaliuliza kupitia kijana mmoja, pikipiki moja, mstari mmoja. Na ukimwambia mtu yeyote swali la binamu, anaweza kukwambia Jumapili asubuhi ufanye nini: uende wapi, ukae na nani, uandike nini. Mwambie "athari" uone kama atajua.

Jumatatu binamu alipeleka kurasa tano. Tano tu. Msimamizi hajajibu bado, na kwa kweli sijui atajibu nini. Kuna watu wanapenda "athari" kama uji wa asubuhi. Tata ameuliza mara mbili kama sasa imekubaliwa, na tumemwambia bado. Guka naye amesema Jumapili tukaribie kanisani kwao, tuje tu kama wageni, tufike mapema, na tukumbuke kuvaa soksi safi kwa sababu viatu vinabaki nje.